Barua Iende kwa Mtendaji, Ardhi Iamuliwe na Mkutano Mkuu

Tuseme kikundi cha akina mama katika kijiji cha Tanzania Bara kinataka kuanzisha kitalu cha miche ya miti na matunda. Kuna eneo la kijiji karibu na kijito ambalo halitumiki. Wanamfuata mwenyekiti nyumbani kwake jioni, wanaamkiana, wanaeleza haja yao, naye anawajibu, "Endeleeni tu, mama zangu." Wanarudi wamefurahi, wanaanza kujaza viriba. Mwezi unaofuata anatokea mtu mwingine anayedai eneo lile aliahidiwa yeye, naye pia aliahidiwa kwa mdomo.

Mwenyekiti hakuwadanganya, ila alitoa kitu kisicho chake peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, lakini inaizuia kugawa ardhi hiyo kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo wanaomwendea kiongozi kuhusu mradi unaohitaji ardhi waelewe kwamba hawaendi kupewa kibali palepale. Wanaomba hoja yao iingie kwenye ajenda.

Ajenda huandaliwa na afisa mtendaji wa kijiji. Yeye ni mwajiriwa wa serikali na ndiye katibu wa vikao. Mwenyekiti huchaguliwa na wananchi, naye ndiye anayeviongoza. Barua basi iandikwe kwa mtendaji, ipitie kwa mwenyekiti wa kitongoji lilipo eneo lenyewe, naye aweke saini na maoni yake mafupi. Hatua hii watu huiruka kwa kuona ni urasimu, kumbe mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayejua nani analima wapi na nani aliahidiwa nini. Yule mdai wa pili angejulikana hapo, kabla kiriba kimoja hakijajazwa.

Barua yenyewe ukurasa mmoja unatosha. Baada ya anwani na tarehe, kichwa kisomeke: YAH: OMBI LA KUKUTANA NA UONGOZI WA KIJIJI KUHUSU ENEO LA KITALU CHA MICHE. Kisha sentensi chache: sisi ni nani na tuko wangapi, tunaomba eneo lipi na la ukubwa gani, kwa miaka mingapi, na kijiji kitafaidika vipi. Mwisho muombe mambo mawili bila kuzunguka: siku ya kuonana na mtendaji pamoja na mwenyekiti, na hoja ipelekwe kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji. Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Asiye na nakala hiyo huambiwa barua haijaonekana, na hana la kujibu.

Siku ya kuonana waende wawili au watatu, si kikundi kizima, na mmoja awe anaandika. Swali gumu watakaloulizwa ni la kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Afadhali wapime wenyewe mapema, wasogeze kitalu nje ya mpaka huo na kukubali kubeba maji kwa ndoo. Anayefika na jibu hili kabla hajaulizwa huwa amejiondolea nusu ya pingamizi.

Halafu kuna suala la muda. Halmashauri ya kijiji hupaswa kukaa kila mwezi, na mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Barua ikichelewa siku chache, hoja inaweza kusubiri robo mwaka nzima, na miche nayo inahitaji miezi kadhaa kitaluni kabla ya mvua za kupandia. Kwa hiyo wamuulize mtendaji tarehe ya mkutano mkuu ujao kabla hata ya kuandika barua.

Mkutano ukiridhia, kazi haijaisha. Uamuzi uandikwe kwenye muhtasari ukitaja eneo, mipaka yake na muda, na kikundi kiombe nakala yenye saini za mwenyekiti na mtendaji pamoja na mhuri. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka 5, na mtendaji anaweza kuhamishwa wakati wowote. Kiongozi mpya halazimiki kuamini maneno ya mtangulizi wake, ila muhtasari wa mkutano mkuu atausoma.