Kabla ya Ankara ya Kwanza

Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alianza na jambo ambalo lingeweza kupita kwa msajili yeyote: alifungua kampuni Latvia. Jina aliloipa lilikuwa lile lile la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya kompyuta na kuviuza kwa Google na Facebook. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2015, wahasibu wa wakubwa hao wawili walipokea barua pepe za ulaghai, wakalipa zaidi ya dola milioni 100 kwenye akaunti za Latvia na Cyprus. Desemba 2019 mahakama ya New York ilimfunga Rimasauskas miaka 5.

Ugumu wa kisa hiki ni kwamba kampuni ilikuwepo, ina cheti, na jina la kwenye akaunti linafanana na jina la kwenye ankara. Mtu anayelinganisha majina tu asingeona kasoro. Jina huweza kuazimwa. Namba ya usajili, nchi ya usajili na wakurugenzi ni vigumu zaidi kuazima. Ndiyo maana ofisi makini za ununuzi humwomba muuzaji mpya makaratasi kadhaa, kisha huyasoma kwa pamoja ili kila moja liulizwe na jingine.

Chukua shule ya bweni ya Morogoro inayotaka kununua madawati kwa karakana ya Dar es Salaam ambayo haijawahi kufanya nayo biashara. Ombi la kwanza ni cheti cha TIN kutoka TRA, chenye namba ya tarakimu tisa. Lakini TIN haimpi muuzaji ruhusa ya kutoza VAT. Kwa hilo anahitaji usajili mwingine, wenye namba yake iitwayo VRN. Karakana ikileta hesabu ya shilingi milioni 10, ikaongeza asilimia 18, yaani milioni 1 na laki 8, huku haina VRN, basi hiyo nyongeza haina uhalali. Ni heri swali hilo liulizwe kabla mbao hazijakatwa.

Karatasi za BRELA ndizo zinazosema muuzaji ni nani hasa, na hapa wengi huteleza. Kampuni ni mtu wa kisheria aliyejitenga na wenye hisa wake, kwa hiyo akaunti yake inapaswa kuwa kwa jina la kampuni. Jina la biashara ni jambo jingine: nyuma yake yupo fundi mwenyewe, na biashara na yeye ni kitu kimoja. Akaunti ya fundi huyo ikiwa na jina lake binafsi si lazima iwe wizi, mradi jina hilo ndilo lililoandikwa BRELA kama mmiliki na ndilo lililo kwenye TIN. Kampuni inayotaka kulipwa kwenye akaunti ya "ndugu wa mkurugenzi", hiyo ni ya kusimamisha hata kama bei yake ni nzuri. Leseni ya biashara nayo iangaliwe tarehe ya mwisho, kwani wapo wanaotoa nakala ya leseni iliyokwisha muda.

Taarifa za benki zisichukuliwe kutoka chini ya ankara. Shule iombe barua ya benki yenyewe, yenye jina la mwenye akaunti, namba na tawi. Barua nayo hughushiwa, kwa hiyo tawi lipigiwe kwa namba iliyotafutwa kwingine, si ile iliyochapwa juu ya barua. Benki huenda isitoe siri za mteja wake, ila inaweza kusema kama barua imetoka kwake.

Watu wa kuwasiliana nao ndio huonekana jambo dogo, na fomu nyingi huachwa na jina moja la mtu wa mauzo. Angalau wawe watatu: wa oda, wa hesabu, na mkurugenzi mwenye mamlaka ya kubadili akaunti, kila mmoja na cheo na simu yake. Faida yake huonekana miezi sita baadaye, pale barua pepe inapoingia Ijumaa jioni: "Tumebadilisha benki, tafadhali lipeni hapa." Mhasibu asiijibu hiyo barua pepe wala kupiga namba iliyomo ndani yake. Afungue jalada, ampigie mkurugenzi kwa simu iliyoandikwa siku ya kwanza, aombe barua mpya ya benki, na mtu mwingine, si yeye, ndiye abadilishe namba kwenye mfumo. Kama mkurugenzi hapatikani hadi Jumatatu, malipo yasubiri.