Kazi za mtandaoni: kwa nini miezi mitatu ya kwanza hailipi, na jinsi ya kuivuka

Vijana wengi wa Kombani na sehemu nyingine za Matuga wamejiunga na kazi za mtandaoni, hasa wale waliomaliza kidato cha nne au chuo na wana kompyuta. Wengi huacha mwezi wa pili au wa tatu wakiamini wametapeliwa au hawana bahati. Majibu yafuatayo yanaeleza kinachotokea katika miezi hiyo. Tumetumia mfano wa Upwork, soko la mtandaoni linalokutanisha wateja na wafanyakazi, na kazi ya kunukuu, yaani kusikiliza sauti iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno.

Swali: Nimefanya kazi kwa miezi miwili na sijaona pesa. Je, ni utapeli?

Si lazima iwe utapeli. Hebu tuhesabu pamoja kwa mfano wa kubuni. Tuseme dada mmoja wa Kombani amefungua akaunti leo. Kila anapoomba kazi hutumia Connects, ambazo ni kama tiketi za kuombea kazi. Connect moja huuzwa dola 0.15, na idadi inayohitajika hutofautiana kati ya kazi na kazi. Tuseme kwa wastani kila ombi lake linatumia 8, sawa na dola 1.20.

Mwezi wa kwanza anatuma maombi 12, anatumia dola 14.40, na hapati kazi. Mwezi wa pili anatuma mengine 12, dola 14.40 tena. Siku ya 45 anapata kazi ya kwanza: mahojiano ya dakika 20 kwa dola 20. Anaikabidhi siku ya 50. Mteja anaikubali siku ya 57. Baada ya hapo Upwork hushikilia malipo siku 5 kwa usalama, kwa hiyo pesa zinapatikana siku ya 62. Upwork hukata ada yake, ambayo tangu Mei 2025 huwa kati ya asilimia 0 na 15 kulingana na kazi. Tukichukua asilimia 10, anabaki na dola 18.

Mwezi wa tatu anatuma maombi 8, dola 9.60. Mteja yule wa kwanza anarudi na kazi ya dola 30, na pesa zake, dola 27 baada ya ada, zinapatikana siku ya 77. Mteja mwingine anampa kazi ya dola 30 ambayo anaikabidhi siku ya 75, lakini mteja huyo hafungui kazi wala kujibu. Kwa kanuni ya Upwork, malipo hujiachilia yenyewe baada ya siku 14, kisha zile siku 5 za usalama. Dola 27 hizo zitaonekana siku ya 94, yaani nje ya miezi mitatu.

Sasa tuangalie daftari la siku 90. Zilizoingia ni dola 45. Zilizotumika kwa Connects ni dola 38.40. Zimebaki dola 6.60, karibu shilingi 860 kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola. Kama bando lilimgharimu shilingi 1,000 kwa mwezi, amepata hasara ya zaidi ya shilingi 2,100. Hakuna aliyemwibia. Amelipa gharama ya kujulikana, na malipo ya kazi aliyokwisha kufanya bado yako njiani.

Swali: Kwa nini mwezi wa nne uwe tofauti?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mteja wa zamani akikupa kazi moja kwa moja, au mteja mpya akikualika, hutumii Connects. Katika mfano wetu, maombi 32 yaliwaleta wateja wawili tu. Wakirudi, kazi zao hazina gharama ile ya mwanzo. Ya pili, wateja wapya husoma maoni ya wale waliotangulia. Akaunti isiyo na maoni ni kama kibanda kipya pale njia panda ya Kombani: abiria wa Likoni na wa Kwale wanapita, lakini wananunua kwa yule wanayemjua.

Kwa hiyo lengo la miezi mitatu ya kwanza lisiwe kiasi cha pesa. Lengo ni wateja wawili au watatu walioridhika wakaandika maoni mazuri. Ukipata hao, umefaulu hata kama mfukoni hamna kitu.

Swali: Natuma maombi mengi lakini sijibiwi. Kosa liko wapi?

Usikisie. Ndani ya akaunti kuna ukurasa wa `My Stats` unaoonyesha maombi mangapi umetuma, mangapi wateja wameyafungua, mangapi yamefikia mazungumzo na mangapi yamekupa kazi. Hapo utaona mahali unapokwama.

Kama maombi yako hayafunguliwi, huenda unachelewa, au mistari yako miwili ya kwanza haimvutii mteja. Hiyo ndiyo anayoiona kabla ya kufungua barua, na wengi huipoteza kwa salamu ndefu na kusimulia shule walizosoma. Anza na kazi yake: "Mahojiano yako ni ya Kiswahili cha pwani, ninakizungumza tangu utotoni na ninaweza kukukabidhi dakika 30 kwa siku mbili." Kuhusu muda, angalia kazi iliyoandikwa `Proposals: Less than 5` kuliko ile yenye 50 na zaidi. Saa tatu asubuhi kule New York ni saa kumi au saa kumi na moja jioni hapa kwetu, kutegemea majira yao. Kwa hiyo jioni ni wakati mzuri wa kutafuta kazi mpya za wateja wa huko.

Kama barua inafunguliwa lakini huulizwi kitu, tatizo liko kwenye sampuli. Jirekodi wewe na jirani mkizungumza dakika tano kwa ridhaa yake, nukuu vizuri, na uambatanishe. Na kama unaulizwa lakini hupewi kazi, angalia bei yako na jinsi unavyojibu.

Jambo jingine: usijitangaze kuwa unafanya kila kitu. Wanaonukuu Kiingereza ni wengi duniani kote. Wanaoelewa Kiswahili cha pwani, au Kidigo, ni wachache, na watafiti hurekodi mahojiano katika lugha hizi.

Swali: Kazi ya dakika 20 inanichukua nusu siku. Je, nitaweza kweli?

Mnukuzi mzoefu hutumia takriban saa nne kwa saa moja ya sauti safi. Anayeanza anaweza kutumia saa saba au zaidi. Hivyo dakika 20 kukuchukua saa mbili na nusu ni kawaida, na sauti yenye kelele huongeza muda. Kasi huja kwa mazoezi, na pia kwa kujifunza kusimamisha na kurudisha sauti kwa vitufe vya kibodi bila kushika kipanya. Kwa kila kazi, andika dakika za sauti na dakika ulizotumia. Kama baada ya kazi tano uwiano haujashuka, kataa sauti mbaya au badilisha aina ya kazi.

Swali: Nifanyeje ili malipo yasichelewe?

Kabla ya kuanza, hakikisha mteja ana alama ya `Payment verified` na kwamba pesa za kazi hiyo ameshaziweka Upwork. Kama hajaziweka, usianze, hata akikusihi. Ukimaliza, tumia kitufe cha `Submit work for payment`. Wengi hutuma faili kwenye ujumbe tu, na zile siku 14 hazianzi kuhesabiwa. Kisha mwandikie mteja kwa adabu kwamba kazi imekabidhiwa na unasubiri aikague.

Mteja akikuomba muendelee nje ya Upwork ili "kuepuka ada", kataa. Ukikubali, huna pa kushtaki asipolipa, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Swali: Rafiki anauza akaunti yenye maoni mazuri. Si ni njia ya mkato?

Hapana. Kuuza, kununua au kukodi akaunti ni kinyume cha masharti. Upwork inaweza kukuomba wakati wowote uthibitishe kwa kitambulisho na sura yako. Ukishindwa, akaunti hufungwa na pesa zilizomo hukwama. Pia aliyekuuzia anaweza kuirudisha mikononi mwake kwa kutumia kitambulisho chake. Vishawishi hivi huja hasa mwezi wa pili, mtu akiwa amechoka kusubiri.

Swali: Nitaishi vipi kwa miezi hiyo?

Usiache kibarua chako. Kama unauza sokoni, unaendesha boda au unasaidia dukani, endelea, na utenge saa mbili za jioni kwa mtandao. Kabla ya kuanza, kata kiasi ambacho uko tayari kukipoteza kwa miezi mitatu, kikiwa ni Connects pamoja na bando. Katika mfano wetu ni karibu shilingi 8,000. Kama ni nyingi kwako, tuma maombi machache zaidi, mawili kwa wiki yaliyochaguliwa vizuri. Usikope kwa simu ili kununua Connects, kwa sababu mkopo utadaiwa kabla malipo ya kazi hayajafika.

Mafunzo usiyalipie. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, hufundisha bure. Anwani ni `ajiradigital.go.ke`. Anayekutoza "ada ya usajili" ili akupe kazi ya uhakika, huyo mwepuke.

Swali: Nitajuaje kwamba ni wakati wa kuacha?

Fungua daftari siku ya 90. Kama una mteja hata mmoja aliyerudi, endelea miezi mingine mitatu. Kama barua zinafunguliwa lakini hakuna kazi, badilisha sampuli na huduma, kisha ujaribu mwezi mmoja zaidi. Kama umetuma maombi 30 yaliyoandikwa kwa uangalifu na hayafunguliwi kabisa, simamisha matumizi na upeleke barua zako kwa mtu aliyekwisha kupata kazi, azisome. Kuacha baada ya kuhesabu si aibu. Hasara ni kuacha siku ya 80 wakati malipo yako yanaingia siku ya 94.