Tangazo lako halionekani: feza imepunguka, ao cheo ni kidogo?

Siku hizi familia nyingi za wafanyakazi wa migodi ziko na kazi ya pembeni: nyumba za kupangisha, duka, motokari ya kukodesha. Wengine wameanza kulipa matangazo kwenye Google. Mutu anaandika kwa simu kile anatafuta, na tangazo lako linatokea juu ya majibu. Ila halitokei kila mara, na wengi wanakimbilia kuongeza feza pasipo kujua sababu.

Tuchukue mufano wa mama mumoja wa Kolwezi, bwana yake iko kwenye mugodi. Wako na pikapu mbili za kukodesha. Tuseme analipa dola 5 kwa siku, na kila mutu anayefinya tangazo anamugarimu dola 1. Kwa juma moja tangazo lake lingeweza kutokea mara 1.000, lakini limetokea mara 350. Ile sehemu, 35 kwa mia, njo inaandikwa kwenye skrini ya Google Ads kama `Search impr. share`.

Zile 65 kwa mia zilizopotea zimegawanywa katika safu mbili, na hapo njo kuna siri. `Search lost IS (budget)` inaonyesha 45: tangazo lilikosa kutokea juu bajeti ya siku haikutosha. `Search lost IS (rank)` inaonyesha 20: tangazo lilishindwa na ya wengine. Ni sawa na kamio lisilotoka mugodini: siku ingine mafuta imeisha, siku ingine mawe yenyewe haina shaba ya kutosha. Kutia mafuta hakuongezi shaba.

Basi mama aongeze bajeti? Bado kwanza. Tunamuomba afungue orodha ya maneno watu waliandika kweli kweli, ile inaitwa `Search terms`. Anakuta kwamba kati ya watu 35 waliofinya, 15 walikuwa wanatafuta pikapu ya kununua. Waliandika « pick-up occasion Kolwezi ». Dola 15 kwa juma, na hakuna hata mumoja aliyetaka kukodesha! Mama anaweka `occasion` na `à vendre` kati ya maneno ya kukataa. Sasa yale matafutizi yasiyomuhusu hayahesabiwe tena. Tuseme zinabaki mara 600. Kama anatokea tena mara 350 kwa feza ile ile, sehemu yake inapanda kufika 58 kwa mia, na ile iliyopotea juu ya bajeti inashuka kufika karibu 22. Hakuongeza hata franga moja.

Kuna njia ingine ambayo watu wanaiogopa: kushusha bei unayokubali kulipa kwa kila mufinyo. Akifika kulipa senti 80 pahali pa dola 1, dola 35 za juma zinamuletea watu 43, si 35. Tangazo litatokea karibu mara 430, ni kusema 72 kwa mia. Lakini uangalie safu ya pili: kupotea juu ya cheo kunaweza kupanda, tuseme toka 20 mpaka 25, kwani bei ni sehemu ya cheo. Zile safu mbili zinasukumana. Mutu mwenye bajeti fupi, kwetu sisi, afazali apoteze kidogo kwa cheo kuliko kumaliza feza kwa mifinyo ya bei kali.

Cheo chenyewe si bei tu. Google inaangalia kama tangazo linajibu kile mutu ameandika, kama watu wana mazoea ya kulifinya, na kama ukurasa unaofunguka unasaidia. Mama alikuwa anapeleka watu kwenye ukurasa wenye picha kubwa kubwa, unaochelewa kufunguka kwa simu, na bei ya siku haikuandikwa. Kurekebisha ile hakuombi bajeti. Kama safu ya cheo njo kubwa na ile ya bajeti ni karibu sifuri, kuongeza bajeti hakutabadilisha kitu.

Tena, usijitafute mwenyewe kila saa ili kuona kama tangazo liko. Kwa kawaida Google inagawanya bajeti kwa siku nzima. Kwa hiyo linaweza kutokea saa tatu, likose saa tatu na nusu, kisha lirudi. Uangalie hesabu ya juma, si ya siku moja, kwani siku moja Google inaweza kutumia hata mara mbili ya bajeti na kupunguza siku zingine. Na hesabu hizi ni makadirio. Sehemu ikiwa chini ya kumi kwa mia, skrini inaandika `< 10%` tu, na huwezi kujua kama ni 9 ao 2.

Kufika 100 kwa mia hatukushauri. Mama iko na pikapu mbili. Zikitoka zote, kila mufinyo unaoongezeka unamupeleka mutu kwa simu ya kujibu « hakuna ».