Kuwaomba Radhi Majirani Baada ya Shughuli

Send-off ya binti imekwisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, mwezi wa Novemba. Turubai bado limeziba uchochoro, viti vya kukodi vimerundikwa langoni kwa jirani, chupa za maji zimejaa mtaroni. Nyumba ya pili yupo kijana wa kidato cha nne ambaye asubuhi hiyohiyo anaingia kwenye mtihani wa taifa. Mwenye shughuli anaamka na kuandika kwenye kundi la mtaa la WhatsApp: "Majirani, asanteni kwa kutuvumilia. Kama kuna aliyekwazika, tunaomba radhi. Shughuli ni za watu."

Ujumbe wa namna hii hutumwa kila wiki mitaani Dar es Salaam, na mara nyingi huongeza hasira. Jirani ambaye hakupata hata lepe la usingizi anaambiwa "kama kuna aliyekwazika", kana kwamba jambo lenyewe lina shaka. Hiyo "shughuli ni za watu" nayo anaisikia kama kuambiwa anyamaze, maana zamu yake itafika. Kibaya zaidi ni pale mwenye nyumba anapokumbusha kwamba alikuwa na kibali cha serikali ya mtaa. Kibali kinakuruhusu kufanya shughuli, hakimrudishii mtu usingizi wake.

Tatizo huanzia kwenye masikio. Aliyekuwa chini ya turubai alisikia wimbo mzuri na maneno yake. Jirani aliyefunga madirisha hakuusikia wimbo huo, kwa sababu ukuta hupunguza sana sauti nyembamba, ilhali besi hupenya. Alichopata ni mdundo kifuani na vioo vya dirisha vikitetemeka kwa saa nyingi. Ndiyo maana hata kanuni za mazingira za Tanzania za mwaka 2015 zinataja kelele pamoja na mitetemo. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mwenye shughuli anapaswa kujua ilikuwaje upande wa pili. Aende kwa miguu, nyumba zinazopakana naye kwanza, apige hodi mwenyewe, asimtume mtoto. Asiende alfajiri, watu ndio kwanza wamepata usingizi. Akiketi na kusikiliza, atarudi na mambo ya kuandika.

Ujumbe wake basi unaweza kuwa hivi:

"Majirani zetu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Sisi wa geti la kijani tunaomba radhi kwa kelele za jana. Tuliwaambia tutamaliza saa nne usiku, tukaendelea mpaka saa tisa. Tumewanyima usingizi wagonjwa, watoto na kijana wetu aliye kwenye mtihani. Hilo ni kosa letu. Turubai linashushwa leo kabla ya saa kumi jioni, na uchochoro na mtaro tunasafisha wenyewe. Ukuta wa Bibi uliogongwa na gari la mgeni wetu, fundi anakuja Jumamosi kwa gharama zetu. Mwenye dhara jingine atuambie. Mtuwie radhi. Baba na Mama wa nyumba."

Ni mfupi, lakini kila aliyeumia anajiona ndani yake. Saa zimetajwa, ile iliyoahidiwa na ile ya kweli, hivyo hakuna wa kubishana nayo. Walioandika ni wenye nyumba, si kamati. Kamati imeshatawanyika na haina mlango wa kugongwa. Kila fidia ina siku yake, na hapo ndipo penye hatari: turubai likikutwa bado limesimama jioni, ujumbe huo utasomwa upya kwa jicho jingine kabisa. Usiandike saa ambayo hujaafikiana na mwenye turubai, wala Jumamosi ambayo fundi hajaikubali.

Sahani ya pilau kwa jirani ni jambo jema, ila ifike baada ya maneno, ikiletwa na mtu mzima. Ikitangulia, huonekana imekuja kumziba mtu mdomo. Na kama jirani alikwishapeleka malalamiko kwa mjumbe, nenda na huko ukaseme yaleyale, bila kuuliza nani alikushtaki.

Usiku wa yule kijana haulipiki kwa pilau wala kwa fundi. Mitihani yake inaendelea siku kadhaa, na mbele kuna sherehe nyingine ambayo wengi huisahau wanapoomba radhi: kuvunja kamati, pale pale uani, kwa spika zilezile. Mwenye shughuli, isogeze mpaka kijana amalize mtihani wa mwisho, au kodini ukumbi mbali na makazi, kisha mpelekee mzazi wake habari hiyo mlangoni kwake.