Programu Imesitishwa, Vitabu Bado Vinailipia

Tuseme studio ya picha ililipia programu ya kuhariri mwezi wa Januari: shilingi 360,000 za mwaka mzima. Mtunza hesabu aliziweka kwenye akaunti ya malipo ya awali, kisha akaiagiza programu ya uhasibu ihamishe 30,000 kila mwisho wa mwezi kwenda gharama. Agosti inapoisha, zimeshahamishwa 240,000 na zimebaki 120,000. Siku hiyohiyo mwenye studio anaamua kuachana na programu hiyo.

Wengi hukimbilia kufuta lile agizo la kila mwezi. Wasubiri kwanza, wasome barua ya kusitisha. Mara nyingi kusitisha maana yake ni kwamba mkataba hautahuishwa mwakani, lakini programu itaendelea kufunguka hadi Desemba. Kama studio bado inaitumia, maingizo yaendelee, na agizo lipewe tarehe ya mwisho, 31 Desemba.

Hali ni nyingine kama huduma imekatwa palepale. Zile 120,000 hazina tena cha kuleta, hivyo zote zinahamishiwa gharama za Agosti na agizo linafungwa. Muuzaji akikubali kurudisha 50,000, benki inadebitiwa 50,000, gharama 70,000, na malipo ya awali yanakreditiwa 120,000. Akaunti inabaki sifuri. Agizo likisahaulika, Septemba akaunti hiyo itaonyesha hasi 30,000, jambo lisilowezekana kwa fedha uliyokwisha kulipa. Hiyo hasi ndiyo dalili.

Zana zinazolipiwa mwezi kwa mwezi ndizo zenye hila zaidi, kwa sababu hazina salio la kukushtua. Chukua zana ya 25,000 iliyositishwa Agosti, huku vitabu vikiendelea kuandika malipo Septemba, Oktoba na Novemba. Benki haikutoa kitu, kwa hiyo salio la vitabu liko chini ya taarifa ya benki kwa 75,000, na faida imepunguzwa kwa kiasi hichohicho. Usuluhishi wa benki wa kila mwezi ungelinasa kosa hilo mapema, Septemba ilipofungwa. Kinyume chake pia hutokea: vitabu vimenyamaza, kadi bado inakatwa. Hapo usifiche makato. Yaandike, kisha mdai muuzaji.

Maingizo ya ziada yasifutwe kimyakimya, hasa kama ritani ya kipindi hicho imeshawasilishwa. Andika ingizo la kuyageuza, ueleze sababu, na umwulize mhasibu wako kama ritani inahitaji kurekebishwa.

Barua ya kusitisha ikae kwenye faili pamoja na risiti ya mwisho. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5.