Tangazo Linalouza Huku Likila Mtaji

Tuchukue muuzaji wa mikoba jijini Dar es Salaam anayetangaza Instagram. Mkoba mmoja ni shilingi 50,000, na mteja anapelekewa bure. Kwenye taarifa ya matangazo, safu ya ROAS inasoma 2.4, yaani shilingi 100,000 za tangazo zimeleta mauzo ya 240,000. Anaongeza bajeti. Kumbe anaongeza hasara.

Kosa liko kwenye alichotoa kabla ya kuhesabu faida. Mkoba umemgharimu 24,000 hadi kufika dukani, akaona kinachobaki ni 26,000. Kwa hesabu hiyo, 50,000 gawanya kwa 26,000 ni 1.92, na 2.4 inaonekana imevuka vizuri. Lakini bodaboda anachukua 5,000, mfuko na boksi ni 1,000, na makato ya malipo, tuseme asilimia 2, ni 1,000 nyingine. Kinachobaki hasa ni 19,000.

```
50,000 ÷ 19,000 = 2.63
```

Hapo ndipo tangazo linaporudisha gharama yake, bila faida wala hasara. Mauzo yale ya 240,000 yalimwachia asilimia 38 tu, yaani 91,200, naye alishalipa 100,000.

Na 2.63 yenyewe inachukulia kwamba kila oda inalipwa. Wanaouza kwa malipo baada ya kupokea mzigo wanajua hali ilivyo: bodaboda anafika, simu haipokelewi, mzigo unarudi. Ikiwa oda moja kati ya kumi inarudi, zile tisa zinaleta 171,000. Hiyo moja inakula 10,000 za kwenda na kurudi, pamoja na kifungashio cha 1,000. Zinabaki 160,000. Taarifa ya matangazo, ikiwa inahesabu oda pale inapowekwa, bado inaonyesha mauzo ya 500,000, kwa hiyo kiwango cha kutopata hasara kinapanda hadi 3.13. Dalili yake ni rahisi kuiona: mauzo ya kwenye taarifa yanazidi pesa zilizoingia kwenye simu na benki. Ni vyema kulinganisha hizo mbili kila wiki, kabla ya kugusa bajeti.

Punguzo nalo linauma kuliko linavyoonekana. Mkoba ukishushwa hadi 45,000, bei imepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini kinachobaki kinashuka kutoka 19,000 hadi 14,100, takriban robo nzima. ROAS inayohitajika inakuwa 3.19, hata kama hakuna mzigo unaorudi.

Afadhali kuuza mikoba miwili kwa safari moja. Mauzo ni 100,000. Bidhaa, vifungashio, makato na bodaboda mmoja ni 57,000. Zinabaki 43,000, na kiwango kinashuka hadi 2.33. Ile 2.4 iliyokuwa ikimtia hasara sasa inaacha ziada kidogo, ingawa kodi ya fremu na mshahara wa msaidizi bado havijaguswa.