Jinsi maabara inavyoigundua methanoli ndani ya pombe

Mwezi Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwemo Embu na Kiambu, baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Wengine waliponea chupuchupu lakini wakapoteza uwezo wa kuona. Kila tukio la aina hii linapotokea, taarifa husema kwamba sampuli za pombe zimepelekwa maabara. Je, huko maabara hufanyika nini, na karatasi inayotoka huko husomwaje? Katika makala haya tunaeleza.

Kwanza tufahamu tatizo lenyewe. Pombe ya kawaida, iwe bia, gongo au chang'aa, hulevya kwa sababu ya ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa karibu. Nayo haina rangi, harufu yake inakaribiana na ya ethanoli, na ikichanganywa kwenye kinywaji mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Hata kuiwasha kwa kiberiti hakusaidii, kwa kuwa zote mbili huwaka. Tofauti huja mwilini: ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho.

Mbio ndani ya mrija

Chombo kinachotumika huitwa kromatografia ya gesi. Ndani yake kuna tanuri dogo, na ndani ya tanuri umezungushwa mrija mwembamba sana, ambao mara nyingi una urefu wa mita 30. Ukuta wa ndani wa mrija umepakwa utando unaonasa kemikali kwa muda. Gesi kama heliamu hupita humo bila kusimama.

Mtaalamu hudunga tone dogo la pombe, kwa kawaida maikrolita 1. Kwa joto la chombo tone hugeuka mvuke, na gesi huusukuma mvuke huo kwenye mrija. Hapo mbio huanza. Kemikali inayoondoka haraka kwenye utando hutangulia, na inayong'ang'ania hubaki nyuma. Mwishoni mwa mrija kuna mwali mdogo wa hidrojeni. Kila kemikali inapofika huungua, na chombo huchora mchoro unaopanda na kushuka kama kilima.

Kwa hiyo karatasi ya majibu ni mstari ulionyooka wenye vilima hapa na pale. Vilima hivyo hutupa habari mbili: kilitokea dakika ya ngapi, na kina ukubwa gani.

Dakika hutaja jina

Muda tangu sindano idungwe hadi kilele cha kilima huitwa muda wa kutoka. Wenyewe haumtaji mtu. Lazima ulinganishwe. Ndiyo maana kabla ya kugusa pombe inayoshukiwa, mtaalamu hupitisha mchanganyiko alioutengeneza mwenyewe, anaojua kila kilichomo.

Tuchukue mfano. Katika mchanganyiko huo, methanoli ilitoka dakika ya 2.1 na ethanoli dakika ya 2.9. Kisha pombe inayoshukiwa ikapitishwa, siku ileile na kwa joto lilelile. Vilima viwili vikaonekana, kimoja dakika ya 2.1 na kingine dakika ya 2.9. Sasa tuna sababu nzuri ya kushuku methanoli.

Tunasema kushuku kwa sababu maalumu. Kemikali mbili tofauti zinaweza kutoka dakika moja. Pombe za kienyeji huwa na asetaldehidi, inayojitengeneza yenyewe wakati wa uchachushaji, na katika baadhi ya mirija hutoka karibu kabisa na methanoli. Mtu asiye na hatia anaweza kushtakiwa kwa kilima kisicho chake. Kwa hiyo mtaalamu makini hurudia kipimo kwa mrija wenye utando wa aina nyingine. Kemikali mbili zilizokwenda pamoja kwenye mrija wa kwanza, kwa kawaida huachana kwenye wa pili.

Pia, dakika hizo si za kudumu. Gesi ikivuja au mrija ukikatwa kipande, vilima vyote huhama. Dalili yake ni kwamba hata mchanganyiko wa kulinganishia unatoka kwa dakika tofauti na za jana.

Ukubwa hutaja kiasi

Eneo lililo chini ya kilima huonyesha kiasi cha kemikali. Chombo hulipima chenyewe na kuandika namba. Lakini hapa ndipo wengi hukosea.

Tuseme pombe yetu imetoa eneo la 100,000 kwa methanoli na 800,000 kwa ethanoli. Mtu mwenye haraka atajumlisha, apate 900,000, kisha aseme methanoli ni asilimia 11 ya vileo vilivyomo. Jibu hilo si sahihi. Mwali hauzioni kemikali zote kwa jicho moja. Gramu moja ya methanoli hutoa kilima kidogo kuliko gramu moja ya ethanoli, takribani nusu yake.

Turudi kwenye mchanganyiko wa kulinganishia. Uliwekwa gramu 20 za methanoli kwa lita, ukatoa eneo la 40,000. Maana yake, kila gramu hutoa 2,000. Ethanoli iliwekwa gramu 100 kwa lita, ikatoa 400,000, yaani 4,000 kwa kila gramu.

Sasa tugawanye. Methanoli: 100,000 kwa 2,000 ni gramu 50 katika kila lita. Ethanoli: 800,000 kwa 4,000 ni gramu 200. Jumla ni gramu 250, na methanoli ni asilimia 20, karibu mara mbili ya ile 11 ya mwanzo. Sehemu kubwa iliyobaki katika lita ni maji, ambayo mwali huu hauyaoni kabisa.

Gramu hizo 50 zina maana gani kwa mnywaji? Glasi ya robo lita ingekuwa na gramu 12.5, sawa na mililita 16 hivi za methanoli. Kiasi cha mililita 10 tu kinaweza kumpofusha mtu.

Sindano nayo hukosea

Kuna kosa jingine. Sindano ikichota maikrolita 0.9 badala ya 1, maeneo yote hupungua kwa sehemu moja ya kumi, na methanoli itaonekana pungufu kuliko ilivyo. Dawa yake ni kuongeza kiasi kilekile cha kemikali ya tatu, mathalani propanoli, katika mchanganyiko na katika pombe. Sindano ikichota pungufu, propanoli nayo hupungua kwa kiwango hichohicho. Mtaalamu hulinganisha kila kilima na cha propanoli, na kosa la sindano hufutika. Ila pombe zilizochachushwa huweza kuwa na propanoli yao, hivyo hupitisha kwanza pombe tupu kuhakikisha.

Kwa hiyo ukisikia majibu ya maabara yametajwa, uliza mambo mawili: je, kilima kilithibitishwa kwa njia ya pili, na je, kiasi kilikokotolewa kwa kulinganisha, au kwa kugawanya maeneo tu?

Na kama aliyekunywa analalamika kwamba macho yana ukungu, kichwa kinauma, anatapika au anahema kwa shida, msisubiri majibu hayo. Dalili za methanoli huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, na zaidi ikiwa imechanganyika na ethanoli. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa iliyobaki mwende nayo.